Mtama wa kienyeji haukushinda, mbuga ndiyo iliyoshinda

Kila baada ya mavuno, huku Dodoma huzuka ubishi uleule: mbegu mpya ya mtama inazaa kuliko ya kienyeji au haizai? Mkutano wa kijiji unaitishwa, mtu anasoma wastani wa mbegu moja, kisha wastani wa nyingine, na hukumu inatolewa hapohapo. Ninapinga hukumu za namna hiyo. Wastani mmoja kwa kila mbegu unaweza kusema kinyume kabisa cha ukweli hata kama magunia yote yamehesabiwa sawasawa na hakuna aliyedanganya.

Tuchukue mfano. Namba hizi nimezitunga ziwe rahisi kufuatilia, lakini mazingira yake anayajua kila mkulima wa Chamwino, Bahi au Kongwa. Kuna mashamba 80, kila moja ekari moja. Mashamba 40 yamepandwa mbegu mpya, 40 yamepandwa ya kienyeji. Mbegu mpya imetoa wastani wa gunia 5 kwa ekari. Ya kienyeji imetoa 6. Kwa hesabu hiyo, mwenye busara atarudi kwenye mbegu ya babu yake.

Sasa tuulize mashamba hayo yako wapi. Ardhi yetu si moja. Kuna mbuga kule bondeni, udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka nyufa kiangazi na kunasa jembe masika, ila ukishashiba maji unayashikilia muda mrefu. Na kuna kichanga cha kule juu, ambako mvua ikinyesha leo, baada ya siku chache za jua mtama unaanza kukunja majani. Kwenye nchi inayopata milimita 500 hadi 600 hivi za mvua kwa mwaka, tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya mbegu yoyote utakayoinunua.

Tugawe basi. Kwenye mbuga, mbegu mpya ilipandwa mashamba 10 ikatoa gunia 8 kwa ekari, na ya kienyeji ilipandwa mashamba 30 ikatoa 7. Kwenye kichanga, mbegu mpya ilipandwa mashamba 30 ikatoa 4, na ya kienyeji mashamba 10 ikatoa 3. Mbegu mpya imeshinda mbugani, na imeshinda kichangani, kwa gunia moja kila mahali. Lakini jumlisha: mbegu mpya ina gunia 80 za mbuga na 120 za kichanga, jumla 200 kwa mashamba 40, yaani 5. Ya kienyeji ina 210 na 30, jumla 240, yaani 6. Iliyoshinda pande zote mbili imeshindwa kwenye jumla.

Kilichogeuza matokeo ni mgawanyo. Robo tatu ya mbegu mpya ilienda kichangani, na robo tatu ya mbegu ya kienyeji ilikuwa mbugani. Na hilo halitokei kwa bahati. Mbegu za msaada hupelekwa kwanza kwa kaya zenye hali duni, na kaya hizo mara nyingi ndizo zenye kichanga, kwa sababu mbuga ilishagawanywa zamani kwa waliotangulia. Udongo unaathiri nani anapata mbegu ipi, na udongo huohuo unaathiri mavuno. Jambo la tatu likishika ncha zote mbili hivyo, ulinganisho wa mbegu kwa mbegu unakuwa umeshaharibika kabla hujapima gunia la kwanza.

Wataalamu wa takwimu wanalijua jambo hili tangu zamani. Udny Yule aliliandika mwaka 1903, na Edward Simpson akalieleza tena mwaka 1951, ndiyo maana leo linabeba jina la Simpson. Wala si la shambani tu. Mwaka 1986 madaktari wa Uingereza walichapisha matokeo ya tiba za mawe ya figo. Upasuaji wa kufungua ulifanikiwa kwa wagonjwa 273 kati ya 350, na njia ya tundu dogo kwa 289 kati ya 350, kwa hiyo tundu dogo lilionekana bora. Walipotenganishwa kwa ukubwa wa mawe, upasuaji wa kufungua uliongoza kwenye mawe madogo, asilimia 93 kwa 87, na kwenye makubwa pia, 73 kwa 69. Wenye mawe makubwa, ambao ni wagumu kuwatibu, walikuwa wengi wamepelekwa kwenye upasuaji wa kufungua.

Kwa mtama, marekebisho hayahitaji kompyuta. Jiulize: kama mbegu zote mbili zingepandwa kwenye mchanganyiko uleule wa ardhi, ingekuwaje? Mashamba yetu 80 yana mbuga 40 na kichanga 40. Kwa nusu kwa nusu, mbegu mpya inapata katikati ya 8 na 4, yaani 6, na ya kienyeji katikati ya 7 na 3, yaani 5. Lakini hesabu hiyo inawezekana tu kama udongo uliandikwa. Fomu nyingi nilizoziona zina jina la mkulima, kijiji, aina ya mbegu, ekari na magunia, basi. Mavuno yakishaingia ghalani, safu ya udongo haiwezi kubuniwa. Na hata ikiwepo, samadi na idadi ya palizi vinaweza kubaki vimejificha vilevile. Ndiyo maana njia imara zaidi ni kupanda mbegu zote mbili katika shamba moja, vipande bega kwa bega, na kura iamue kipande kipi kipate ipi. Ronald Fisher aliijenga hoja ya kura katika majaribio ya kilimo kule Rothamsted, Uingereza, miaka ya 1920, na kura inasawazisha hata yale usiyoyawaza.

Ila kugawa nako kuna mtego, na hapa ndipo naona hata wenye elimu yao wanateleza. Tuseme mbegu mpya sifa yake ni kukomaa mapema, kabla mvua hazijakatika. Mtu akigawa mashamba kwa yaliyokomaa kabla ya ukame na yaliyokutwa na ukame, kisha alinganishe mbegu ndani ya kila kundi, faida yote ya mbegu mpya inaweza kupotea, kwa sababu kuwahi ndiyo njia ambayo mbegu inaongeza mavuno. Udongo ulikuwepo kabla ya mbegu, kwa hiyo ugawe. Kukomaa kumeletwa na mbegu yenyewe, kwa hiyo usiguse. Namba peke yake hazikuambii kipi kilitangulia. Anayejua ni mkulima.

Tarehe ya kupanda ndiyo ngumu kuliko zote. Mbegu za msaada zikifika Januari wakati mvua zilianza Desemba, waliozipokea wamechelewa kupanda, na mavuno yao yatapungua. Ukitaka kujua ubora wa mbegu, linganisha waliopanda wiki moja. Ukitaka kujua kama mpango wa kugawa mbegu uliwasaidia wananchi, usiwatenganishe kwa tarehe, maana kuchelewa kumeletwa na mpango huohuo. Mashamba ni yaleyale, na majibu mawili tofauti yote ni sahihi. Kwa hiyo atakayesimama mkutanoni na karatasi ya wastani aseme kwanza anajibu swali lipi kati ya hayo mawili.