Mistari ya 1 au ya 0: pampu ya nyumbani na orodha ya mlinzi

"Shikamoo mwalimu. Nimechora jedwali la ukweli la pampu ya maji ya nyumbani kwetu Kimara. Chuoni tumeambiwa, tukitaka kuandika fomula kutoka kwenye jedwali, tuchukue mistari iliyo michache, iwe ya 1 au ya 0. Fundi anayetufungia anasema nianze na hali ambazo pampu hairuhusiwi kuwaka, ndiko kwenye usalama. Nimfuate nani?"

Marahaba. Tuanze na jedwali lenyewe. A ni floti ya tangi la juu, na inasoma 1 maji yakipungua. B ni floti ya tangi la chini, lile linalopokea maji ya DAWASA, na inasoma 1 maji yakiwepo. C ni swichi ya mkono, kwa ajili ya yule anayetaka kujaza tangi la juu mpaka pomoni kabla umeme haujakatika. P ni pampu.

```
A B C | P
0 0 0 | 0
0 0 1 | 0
0 1 0 | 0
0 1 1 | 1
1 0 0 | 0
1 0 1 | 0
1 1 0 | 1
1 1 1 | 1
```

Popote B ilipo 0, P nayo ni 0, na hapo hakuna mjadala. Sili ya pampu ya nyumbani, ile inayozuia maji yasivuje, hupozwa na maji yale yale yanayosukumwa, na pampu ikizunguka kavu sili inapata moto, inaungua na kuanza kuvuja. Tukio hilo tulikumbuke, maana ndilo litakaloamua ugomvi huu.

Ukichukua mistari ya 1, kila mstari unaugeuza kuwa kipande cha NA, yaani mintemu. Kipande hicho kinatakiwa kutoa 1 kwenye mstari wake tu, kwa hiyo kigeu kilicho 0 kwenye mstari unakikanusha kwa alama ', kilicho 1 unakiacha. Mstari wa 011 unakuwa A'BC. Vipande vyote unaviunganisha kwa AU, inayoandikwa +:

```
P = A'BC + ABC' + ABC
```

Hiyo ndiyo jumla ya mazao, na walimu wa kilimo watuwie radhi kwa jina hilo.

Ukichukua mistari ya 0, kanuni inageuka. Kila mstari unakuwa mabano ya AU, yaani maksitemu, na mabano hayo yanatakiwa kutoa 0 kwenye mstari wake tu. AU haitoi 0 mpaka vyote vilivyomo viwe 0, kwa hiyo safari hii kigeu kilicho 0 kinaachwa na kilicho 1 ndicho kinachokanushwa. Mabano yote yanaunganishwa kwa NA, na unapata zao la jumla:

```
P = (A+B+C)(A+B+C')(A+B'+C)(A'+B+C)(A'+B+C')
```

Maandishi hayo mawili ni kitu kimoja. Weka mstari wowote kati ya minane, yatakupa jibu lile lile. Kwa hiyo swali lako halihusu lipi ni sahihi. Linahusu mkono wa binadamu unaoandika, na aina ya makosa unayoyafanya.

Hoja ya chuoni ni nyepesi kuielewa: mitatu ni michache kuliko mitano, kwa hiyo andika ya 1. Ina uzito wake, maana kila alama ya ukanushaji unayoandika ni nafasi nyingine ya kuteleza, na vipande vitatu vina nafasi chache kuliko vitano. Lakini mara nyingi hoja hii hupewa sababu nyingine, kwamba unapunguza geti, vile vipande vya elektroniki vya NA na AU, za kununua Kariakoo. Hapo siikubali. Hakuna anayelehemu umbo la kikanuni, yaani maandishi marefu kama hayo mawili, lilivyo. Yote mawili yakifupishwa yanaishia kwenye B(A+C), na fundi wako hahitaji hata kipande kimoja cha elektroniki kulitekeleza: floti ya A na swichi ya C zinakaa sambamba, kisha floti ya B inaunganishwa nazo kwa mfululizo. Unachookoa kwa kuhesabu mistari ni wino.

Hoja ya fundi inavutia zaidi, na mimi mwenyewe niliishika kwa muda mrefu. Anawaza kama mtu aliyekwisha kubadilisha sili za watu: taja hatari zote kwanza, zifunge moja moja, kinachobaki ni salama. Tatizo liko kwenye hilo neno "zote".

Fikiria mlinzi wa geti la nyumba, geti la chuma hili, si la sakiti. Ukimpa orodha ya wanaoruhusiwa kuingia na ukasahau jina la shemeji, shemeji atasimama nje apige simu kwa hasira. Ukimpa orodha ya waliokatazwa na ukasahau jina la mwizi, mwizi ataingia na mlinzi atamfungulia kwa heshima zote. Jumla ya mazao ni orodha ya kwanza. Zao la jumla ni orodha ya pili. Kwa hiyo fundi, kwa nia njema kabisa ya usalama, amechagua umbo ambalo usahaulifu wake unaifungulia hatari mlango.

Tuijaribu kwenye pampu yako. Tuseme umeandika mabano manne ukaruka la mwisho, la mstari wa 101: juu kumepungua, chini kukavu, na mtu amewasha swichi ya mkono. Si hali ya kufikirika hiyo. Siku ya mgao wa maji ni lazima itokee, kwa sababu maji yakikauka juu mtu wa kwanza kuamka atakimbilia swichi. Mabano manne yaliyobaki yote yanatoa 1 kwenye mstari huo, na pampu inawaka kavu. Kibaya zaidi, ukiyafupisha unapata hivi:

```
P = AB + BC + AC
```

Itazame ilivyonyooka. Ni sakiti ya wengi wape: vigeu viwili kati ya vitatu vikisema ndiyo, washa. Mwalimu anaweza kuipitisha bila kukunja uso, kwa kuwa hakuna alama iliyokosewa ndani yake. AC peke yake, bila B, ndiyo inayounguza sili.

Sasa sahau mstari upande wa pili. Umeandika mistari ya 1 ukaruka 110. Kinachobaki ni A'BC + ABC, ambayo ni BC tu. Pampu haitawaka yenyewe tena, itasubiri swichi ya mkono. Asubuhi bomba la bafuni litatoa upepo, mama atakupigia simu, utarekebisha. Umepata usumbufu, ila pampu ni nzima.

Kwa jedwali hili, basi, nakushauri mistari ya 1. Jibu linafanana na la chuoni, lakini sababu yake ni nyingine. Sitaki uondoke na sababu ya kuhesabu, kwa maana kesho utapata jedwali lenye 1 tano na 0 tatu, kwenye mtambo ambao kuwaka kimakosa ni hatari, na kuhesabu kutakupeleka kwenye mistari ya 0.

Lakini nisimwonee fundi. Orodha ya ruhusa inakukinga na kusahau tu. Haikukingi na alama iliyoteleza. Ukiandika AB'C' pale ulipotaka ABC', umefunga mstari wa 110 na papo hapo umefungua wa 100, na huo ni mstari mkavu. Orodha ya ruhusa yenye jina lililokosewa humwingiza mtu ambaye hukumkusudia. Vilevile, tofauti ya idadi ikiwa kubwa mno, kuhesabu kunashinda. Jedwali la vigeu vinne lina mistari 16. Ikiwa 0 ni moja tu, andika mabano hayo moja uyakague mara tatu. Hakuna wa kumsahau kwenye orodha ya mtu mmoja, ilhali kwenye orodha ya watu 15 yupo.

Kuna kosa moja la zao la jumla ambalo nalikuta kwenye madaftari kuliko mengine yote: mtu anachukua mistari ya 0 kwa usahihi, halafu anakanusha kwa kanuni ya mintemu. Mstari wa 000 anauandika (A'+B'+C'), wa 001 (A'+B'+C), na kuendelea. Kwenye pampu yako matokeo yake ni ya kuchekesha kama si yako. Mabano hayo matano yanafunga mistari ya 111, 110, 101, 011 na 010, na kuacha wazi 000, 001 na 100. Angalia B katika hiyo mitatu iliyobaki: ni 0 kote. Umetengeneza pampu inayowaka tangi la chini likiwa kavu tu, na inayogoma kila maji yakiwepo. Kulitambua ni rahisi. Chukua mabano yoyote, weka namba za mstari wake, na lazima yatoe 0. Mintemu nayo, kwa namba za mstari wake, lazima itoe 1. Jaribu moja tu, kwa sababu anayekosea kanuni hii hukosea kote.

Umbo lolote utakalochagua, halijui waya ukikatika. Kama sakiti yako inasoma waya uliokatika kuwa 0, ni bahati kwamba B umeipa maana ya "maji yapo", kwani floti ikinyofoka pampu inazima. Ungeipa 1 maana ya "kukavu", waya uliokatika ungeiambia pampu kwamba maji yapo. Uamuzi huo ulifanyika kabla hujachora mstari wa kwanza.

Fundi ana haki yake kamili kwenye taa nyekundu ya onyo mnayotaka kuiweka jikoni. Taa hiyo iwake wakati wote isipokuwa juu kumejaa na chini kuna maji, yaani 0 ziko kwenye 010 na 011 peke yake:

```
T = (A+B'+C)(A+B'+C')
```

Hapa orodha ya makatazo ndiyo inayofaa. Ukisahau mabano moja, taa itawaka bila sababu na mtu atapanda ngazi kuangalia tangi lililojaa. Ungeandika mistari sita ya 1 na kusahau mmoja, taa ingekaa kimya siku ambayo ilitakiwa kusema.

Mkimaliza kufunga, chomoa pampu kwanza na uweke balbu mahali pake. Ninginiza floti zote mbili chini, washa swichi ya mkono. Huo ni 101. Balbu ikiwaka, rudi kwenye karatasi kabla ya kujaribu mistari mingine saba.