Korongo la mchanga kwenye gemu: vigae 16 au 47?

Chukua leveli inayotazamwa kutoka juu: ardhi nyekundu ya Dodoma, na korongo la mchanga lililopinda katikati. Kwa kigae cha pikseli 16 kwa 16, kupaka kila ukingo kwa mkono kunachosha, na ukisogeza korongo hatua moja unarudia yote. Kanuni za kuchagua vigae zinaondoa adha hiyo: unapaka mahali penye mchanga tu, injini ya gemu inachagua kigae kwa kuangalia majirani.

Kanuni nyepesi huangalia majirani wanne. Jirani akiwa mchanga anahesabiwa 1, la sivyo 0:

```
namba = juu*1 + kushoto*2 + kulia*4 + chini*8
```

Chumba, yaani mraba mmoja wa ramani, chenye mchanga juu na kulia kinapata 1+4, yaani kigae namba 5. Kuna majibu 16 tu, hivyo mchoraji anamaliza haraka, na kwa vijia vya upana wa chumba kimoja hiyo inatosha kabisa.

Tatizo linaanza korongo likiwa na upana wa vyumba viwili. Tuseme linashuka, kisha linapinda kulia. Chumba cha kona ya ndani kina mchanga pande zote nne, kwa hiyo namba yake ni 15, sawa na chumba kilicho katikati kabisa ya mchanga. Lakini mshazari wake wa juu kulia ni udongo. Kanuni haiuoni, inaweka mchanga mtupu, na kingo mbili zinazokuja hazikutani. Kama ukingo una unene wa pikseli 4, utaona pengo la mraba wa pikseli 4 kwa 4 katika kila kona ya ndani.

Dawa ni kuhesabu na mishazari. Majirani wanane wana michanganyiko 256, lakini mshazari una maana pale tu pande mbili zinazougusa zimejaa, kwa hiyo vigae vinavyohitajika ni 47. Kwenye injini ya Godot 4 chaguo hilo ni `Match Corners and Sides`. Gharama yake ni ya kweli: ukibadilisha rangi ya udongo, unarekebisha seti ya vigae 47, si ya 16. Kwa maoni yangu korongo pana linastahili gharama hiyo, kwa sababu mchezaji analitazama muda wote. Vijia vibaki na 16.

Kinachopingwa kwa haki ni usawa unaochosha macho: kanuni haijui kupanga majabali ya Dodoma yaliyopandana. Hayo yawekwe kwa mkono, tena kwenye tabaka lake. Ukiyachanganya na tabaka la ardhi, siku utakapopaka tena mchanga jirani, injini inaweza kubadilisha vigae ulivyopanga.

Kagua pia ukingo wa ramani. Nje ya ramani huhesabiwa kuwa tupu, hivyo mchanga unaofika mwisho unapata ukingo usiotakiwa. Ongeza safu moja ya mchanga nje ya eneo linaloonwa na kamera.