Sifuri iliyoandikwa O

Mwaka jana rafiki yangu alizuiwa kupanda ndege kwa sababu ya sifuri moja. Alikuwa na kibali cha kielektroniki cha kuingia Kanada, kile kinachoitwa eTA, tena kilishaidhinishwa. Mhudumu wa kaunta akapitisha pasipoti kwenye mashine, akairudia, kisha akamwambia hakioni kibali chochote.

Kibali kilikuwepo, ila kwa namba isiyo yake. eTA huunganishwa na namba ya pasipoti ndani ya mfumo, kwa hiyo namba ikikosewa, karatasi uliyochapisha haikusaidii. Kwenye fomu yake palikuwa na herufi O mahali pa 0.

Fungua pasipoti yako ukurasa wa picha, utazame mistari miwili ya chini yenye alama za <. Mstari wa pili huanza na nafasi 9 za namba ya pasipoti, na nafasi ya 10 ni tarakimu ya uhakiki inayotokana na hesabu ya zile 9. Pasipoti ya mfano ya Ujerumani ina namba C01X00T47, na tarakimu yake ni 8. Ukiweka O badala ya sifuri ya kwanza, hesabu inaleta 0, na mashine inajua papo hapo kuna kosa. Fomu isiyouliza tarakimu hiyo haina namna ya kujua. (Wengine hunakili mstari wa chini na kuibeba 8 hiyo pia, nalo ni kosa.) Namba za pasipoti za Ujerumani hazitumii herufi O kabisa, kila duara humo ni sifuri.

Kinachoniuma ni kwamba fomu hiyo hakuijaza yeye. Alibofya tokeo la kwanza kwenye utafutaji, ambalo lilikuwa tangazo, akafika kwenye tovuti yenye jani jekundu na maneno ya kiserikali. Wakamtoza zaidi ya dola 80. Serikali ya Kanada hutoza dola 7 za Kanada, na njia salama ni kuandika canada.ca kwa mkono wako na kuanzia hapo. Pesa iliyozidi alimlipa mtu wa kunakili majibu yake, na mtu huyo ndiye aliyekosea.

Tena waliweka barua pepe yao. Barua ya kuidhinishwa huonyesha namba ya pasipoti ili mwombaji ailinganishe na yake. Ilikwenda kwao, yeye akapelekewa ujumbe mfupi tu kwamba mambo tayari. Kwangu mimi huo ni wizi, hata kama kibali kinatoka kweli, na kampuni zinazowauzia nafasi ya tangazo zinashiriki.

Namba ya pasipoti ikikosewa, eTA hairekebishwi. Unaomba upya na kulipa tena. Aliomba palepale kwenye simu, akilinganisha herufi moja moja. Idhini ilifika baada ya dakika chache, kaunta ikiwa imeshafungwa.