Kadi ya zawadi ni pesa, msiiwekee tarehe ya kufa

Jumamosi mama kanipigia kutoka Chumbageni, sauti imempoa, anasema mwanangu ile kadi yako imekataa. Mwaka jana Februari nilimnunulia kadi ya zawadi ya elfu hamsini kwenye duka moja la mtandaoni, achague sufuria mwenyewe, na mama yangu kitu cha zawadi hakitumii ovyo, akaitunza mpaka harusi ya mdogo wangu mwezi huu wa Machi. Kaingiza namba zote, ikaja: kadi hii imeisha muda wake.

Nimeyasoma masharti mpaka chini. Miezi 12, na inahesabiwa tangu siku niliyolipa mimi, sio siku aliyoipokea yeye, na nilikaa nayo wiki tatu kabla sijamtumia! Yaani zimeliwa siku zake kabla hata hajaiona.

Pointi sawa, zile duka linakupa juu ya manunuzi, wakiziwekea mwisho nitanuna lakini nitaelewa. Ila kadi jamani ni hela imeshatoka mfukoni mwangu, wao wameshaipokea tangu siku ile na hawajatoa hata kijiko. Marekani tangu sheria ya 2009 salio la kadi ya zawadi haliruhusiwi kufa kabla ya miaka 5 tangu kadi itolewe au iongezwe pesa mara ya mwisho. Inawezekana, wakitaka.

Na kuna kitu kinaniuma zaidi. Jumatatu mama kapata meseji: pointi zako zinaisha leo saa sita usiku, bonyeza hapa uziokoe. Kabonyeza, utamlaumu vipi wakati ana uchungu wa juzi, na duka lenyewe humtumia meseji za hivyohivyo, zina linki. Ukurasa unafanana na wa dukani, ukamtaka namba ya simu, akaiandika. Hapo mwizi anaichukua ile namba anaiingiza kwenye duka la kweli, duka linamtumia mama tarakimu sita za kuingilia, na ule ukurasa wa uongo unamwomba hizohizo. Angeziandika tu, mtu yuko ndani ya akaunti, anamaliza pointi na kadi yoyote iliyohifadhiwa humo. Kilichomwokoa ni kwamba meseji ya tarakimu ilisema usimpe mtu yeyote, akasita, akanipigia.

Nikamwambia mama, kuangalia pointi fungua apu mwenyewe, usipitie linki, na kuokoa pointi hakuhitaji tarakimu za kuingilia kama umeshaingia. Na namba za kadi usizirushe kwenye grupu la familia, anayeziandika wa kwanza ndiye kachukua.

Duka nimewaandikia: hesabuni kuanzia siku kadi inapofunguliwa, na mkikumbusha watu msiweke linki. Na elfu hamsini ya mama naidai, sufuria bado anaitaka.