Dakika 75 za usingizi

"Kama rubani hajazidisha saa zake za kisheria, uchovu unatoka wapi?"

Ndugu yangu, sheria huhesabu saa za kazi, lakini mwili nao una saa yake. Januari 2011 ndege ya Air Canada ilikuwa ikivuka Atlantiki usiku kwenda Zurich. Rubani msaidizi alilala kitini dakika 75, wakati kanuni iliruhusu 40 tu, maana ukizidisha unazama kwenye usingizi mzito na kuamka umevurugika. Ndivyo ilivyokuwa: aliidhania sayari ya Zuhura kuwa ndege, kisha akainamisha pua ya ndege yao kukwepa ndege ya kijeshi akidhani inawashukia, kumbe ilikuwa salama futi 1,000 chini yao. Watu 16 waliumia, na walioumia hawakuwa wamefunga mikanda.