Makala 14 ndani ya dakika 14

Nilichotaka kilikuwa kidogo tu: makala moja kila mwezi, Jumatatu ya kwanza, saa mbili asubuhi. Skripti yenyewe haikuwa na makuu. `chapisha.sh` inachukua faili la kwanza kwenye folda ya `foleni`, inalirusha kwenye tovuti, kisha inalihamishia folda ya `zimetoka`. Ikikuta foleni haina kitu, inaandika "foleni tupu" na kuacha. Nilikuwa nimeweka humo makala 14, nikajipigia hesabu kwamba kwa mwaka mzima na miezi miwili nimeagana na kazi ya kuchapisha.

Jumatano jioni, tarehe ya mwisho ya mwezi, nikafungua `crontab -e`, yaani orodha ya kazi ambazo programu ya `cron` huziendesha yenyewe kwa ratiba, nikaandika mstari huu kwa kujiamini kwingi:

```
* 2 1-7 * 1 /home/mimi/chapisha.sh
```

Sehemu tano za mwanzo zinasomwa kwa mpangilio huu: dakika, saa, tarehe, mwezi, siku ya wiki. Nilizisoma hivi: dakika sina neno nayo, saa mbili, tarehe 1 hadi 7, mwezi wowote, Jumatatu. Jumatatu ya kwanza lazima iangukie kati ya tarehe 1 na 7, basi mahesabu yamekaa sawa. Hata nilijipongeza kwa kutonaswa na jina la siku, maana Jumatatu ina "tatu" ndani yake lakini kwa `cron` ni 1. Anayeandika 3 anapata Jumatano.

Alhamisi, saa nane usiku, simu ikaanza kutetemeka juu ya meza. Arifa: makala mpya imetoka. Kabla sijaipata miwani, ikatetemeka tena. Kila dakika, makala. Kufikia nane na dakika kumi na tatu, makala zote 14 zilikuwa hewani, hata ile ya salamu za mwaka mpya. Halafu zikafuata barua pepe, maana `cron` humtumia mwenye kazi chochote ambacho skripti imekiandika, iwapo seva ina mfumo wa barua. Foleni tupu. Foleni tupu. Nilipata 46 kabla haijatimia saa tisa kamili. Jumlisha na zile makala 14, unapata 60.

Hiyo 60 ndiyo iliyonifichulia kosa la kwanza. Kinyota kwenye dakika hakimaanishi "dakika yoyote, chagua mwenyewe". Kinamaanisha kila dakika, kuanzia 00 hadi 59, ilimradi saa imelingana. Anayetaka mara moja kwa saa anaandika dakika yenyewe, na saa inapoanza ni `0`.

Kosa la pili ni la lugha yetu. Saa mbili asubuhi kwa saa ya kompyuta ni 8, na 2 ni saa nane za usiku, wakati watu wamelala. Mimi huyuhuyu nazungumza saa mbili mdomoni na kusoma 08:00 kwenye simu kila siku bila kujikwaa, ila vidole vilipofika kwenye kibodi vilifuata mdomo. (Kujua seva inaishi saa za wapi ni jambo jingine. Andika `date` humo ndani uone. Nyingi zimewekwa UTC. Yangu, kwa bahati, ilikuwa saa ya nyumbani.)

Asubuhi nikaziondoa makala zote tovutini, nikazirudisha kwenye foleni, nikasahihisha:

```
0 8 1-7 * 1 /home/mimi/chapisha.sh
```

Nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi. Ijumaa, saa mbili asubuhi, makala ya kwanza ikatoka. Ijumaa! Msomaji mmoja akaandika: "Ndugu mwandishi, hii si niliisoma jana usiku?"

Nikaiondoa nayo, nikairudisha kwenye foleni. Hapo ndipo nilipofungua mwongozo, `man 5 crontab`, na kuusoma badala ya kuukumbuka. Sehemu zote hufungamana kwa "na": dakika hii na saa hii na mwezi huu. Lakini tarehe na siku ya wiki zina utaratibu wao. Zote mbili zikiwekewa mpaka, yaani hakuna iliyoanza na kinyota, `cron` huziunganisha kwa "au". Mstari wangu ulikuwa unasema: tarehe 1 hadi 7, au Jumatatu yoyote ile. Mwezi ule ulianza Alhamisi, kwa hiyo Jumatatu zake ni tarehe 5, 12, 19 na 26. Siku saba za mwanzo, ongeza tarehe 12, 19 na 26, ni siku kumi. Mimi niliomba moja. Na kwa kile kinyota changu cha dakika, mwezi ungekuwa na safari 600.

Ndani ya zile sehemu tano hakuna namna ya wazi ya kusema "tarehe hizi na pia iwe Jumatatu". Nikaona bora `cron` ishike tarehe peke yake, na siku iulizwe na amri yenyewe. `date +%u` hutoa 1 kwa Jumatatu hadi 7 kwa Jumapili. Nikaandika:

```
0 8 1-7 * * [ "$(date +%u)" = 1 ] && /home/mimi/chapisha.sh
```

Sehemu ya amri niliijaribu kwanza kwenye terminali. Kimya, kama inavyopasa siku ya Ijumaa. Jumamosi saa mbili makala haikutoka, na hilo ndilo nililolitaka, kwa hiyo nilikuwa tayari kusherehekea. Bahati nzuri barua ya `cron` ilinikuta: `sh` inalalamika kwamba kuna mabano yamefunguliwa na hayakufungwa. Angalia hatari iliyokuwepo hapo. Amri mbovu na amri nzima zote zilitoa matokeo yaleyale, yaani hakuna kitu. Bila ile barua ningesubiri hadi Jumatatu ndipo nigundue kwamba kimya kile kilikuwa cha maiti.

Mchawi alikuwa alama ya asilimia. Ndani ya crontab, `%` ya kwanza huikata amri, na kinachofuata hulishwa kwa amri hiyo kama maandishi ya kusoma. Amri yangu iliishia kwenye `date +`, mabano wazi. Terminali haina sheria hiyo, ndiyo maana jaribio la Ijumaa halikuonyesha kitu. Dawa ni mkwaju wa nyuma mbele yake:

```
0 8 1-7 * * [ "$(date +\%u)" = 1 ] && /home/mimi/chapisha.sh
```

Safari hii sikuamini kimya. Jumamosi ileile nikaongeza mstari wa muda wenye saa ya dakika tatu mbele, nikaandika 6 mahali pa 1 kwa sababu siku ilikuwa Jumamosi, na mahali pa skripti nikaweka `echo imefika >> /tmp/jaribio`. Dakika ilipofika, faili likapata neno lake. Nikaufuta mstari wa muda. Jumapili hakuna makala, hakuna barua.

Jumatatu tarehe 5, saa mbili kamili asubuhi, makala moja ikatoka. Moja. Baada ya dakika chache yule msomaji akaandika tena: "Hii sasa ni mara ya tatu. Aya ya pili naijua kwa moyo."