Tangazo halikuonekana hata mara moja, lakini kadi ilikatwa

Mwezi uliopita niliandaa kampeni ya siku nne kwenye mtandao wa kijamii ninaoutangazia kazi zangu. Tangazo lilikaa kwenye ukaguzi siku mbili, likakataliwa, nikalirekebisha, likakataliwa tena. Nikaachana nalo. Wiki iliyofuata nikafungua taarifa ya benki na kukuta makato matatu ya mtandao huo: dola 2, dola 25 na dola 50.

Hasira ilinipanda, nikataka kupiga simu benki hapo hapo. Nashukuru sikupiga, kwa sababu mawili kati ya yale makato hayakuwa na kosa. Ile dola 2 ilikuwa ya kuhakiki kadi tu: benki huishikilia kwa muda, kisha huiachia yenyewe, na baada ya siku chache ikatoweka kwenye taarifa. Dola 25 nayo ilikuwa deni langu la kweli. Mitandao mingi haikati pesa tangazo linapoanza. Huacha deni likue hadi lifike kiwango fulani, ndipo inakata, au inakata siku maalumu ya mwezi. Kwa hiyo makato ya leo yanaweza kuwa ya kampeni iliyokwisha wiki tatu nyuma, na ndivyo ilivyokuwa kwa ile 25.

Ikabaki dola 50. Nikaingia sehemu ya malipo, nikafungua risiti yake. Ilitaja kwa jina ile kampeni iliyokataliwa. Kisha nikafungua ripoti ya kampeni hiyo, nikaigawa siku kwa siku, nikaweka safu mbili tu: mara ambazo tangazo limeonekana, na pesa iliyotumika. Siku zote nne, sifuri na sifuri. Risiti yao inasema nilipe, ripoti yao inasema hakuna walichonifanyia. Nilipakua zote mbili, pamoja na historia ya akaunti inayoonyesha saa ambayo tangazo lilikataliwa. Ni vizuri pia kupitia historia hiyo kuona kama kuna kampeni usiyoitambua, maana mtu akiiba akaunti yako anaweza kutangaza vitu vyake kwa kadi yako. Hilo ni tatizo jingine, na hudaiwa kwa njia nyingine.

Niliwaandikia huduma kwa wateja. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba wamekagua na malipo ni halali. Sikubishana. Niliwauliza swali moja, nikaweka namba ya risiti na namba ya kampeni: "Naomba mnionyeshe tangazo hili lilionekana mara ngapi kila siku." Nililirudia swali hilo hilo katika barua tatu, bila kuongeza lawama wala hadithi, kwa sababu kila neno la ziada linampa anayejibu pa kukimbilia.

Kinachoniumiza ni kwamba muuzaji ndiye mwenye mizani. Yeye ndiye anayehesabu tangazo limeonekana mara ngapi, yeye ndiye anayeandika risiti, yeye ndiye mwenye kadi yangu, na nikilalamika, yeye ndiye hakimu. Njia iliyobaki ni kupinga malipo kupitia benki, na njia hiyo ina gharama yake. Mtandao ukidaiwa na benki, mara nyingi huifungia akaunti ya matangazo. Unaweza kurudishiwa dola 50 ukapoteza akaunti uliyoijenga kwa miaka. Naona hiyo ni dhuluma: mteja anaadhibiwa kwa kutumia haki anayopewa na kadi yake.

Hata hivyo muda wa benki haungoji. Kwa kadi za Visa na Mastercard, kwa kawaida ni siku 120, na benki yako inaweza kukupa pungufu ya hapo, kwa hiyo uliza mapema. Ukifika huko, chagua sababu ya kweli: huduma haikutolewa. Wengi husema "siyatambui malipo haya", na hapo wanashindwa. Mtandao utaonyesha kwamba uliingia mwenyewe kwa simu yako na kuiweka kadi mwenyewe, kesi ikaishia hapo.

Mimi sikufika benki. Baada ya barua ya tatu walikubali kwamba kampeni haikuonekana, wakasema dola 50 zitawekwa kwenye akaunti yangu ya matangazo kama salio. Nilikataa. Salio lile linanilazimisha kununua tena kwao kitu kile kile walichoshindwa kunipa, na pesa ilitoka kwenye kadi. Niliwajibu kwamba irudi kwenye kadi, nikawatajia tarehe ambayo ningepeleka shauri benki. Ilirudi siku mbili kabla ya tarehe hiyo, dola 50 kamili, bila maelezo yoyote ya kwa nini ilikatwa.